Nyimbo za kutuliza presha kabla ya deti ya kwanza: nataka kujiamini bila kuonekana najisikia

Mwandamo

Wakuu, habari zenu. Jumamosi jioni nina deti ya kwanza na mtu ambaye tumekuwa tukiandikiana kwa muda. Kwenye kuandika niko vizuri, shida ni ana kwa ana. Nikikaribia mahali pa miadi moyo unaanza kwenda mbio, viganja vinalowa, koo linakauka.

Rafiki yangu mmoja kanitumia nyimbo zake za "kuingia uwanjani", zile za besi nzito na mtu kujisifu mwanzo mwisho. Nikiri zinafanya kazi, woga unapungua kabisa. Sasa juzi nimezisikiliza, halafu dada yangu akanipigia. Baada ya muda akaniuliza, "Mbona leo unaongea kama unatangaza mpira?" Kumbe nilikuwa nampokea maneno kabla hajamaliza.

Ndiyo maana naomba ushauri. Nyimbo gani zinatuliza moyo bila kukugeuza mtu wa kujimwambafai? Na kama kuna anayejua kwa nini zinafanya hivyo, afunguke.

Kijiti_Kavu

Mkuu hilo dogo. Chagua wimbo wa mapenzi wa taratibu, mkishakaa weka kwenye simu yako kwa sauti ya chini. Yeye mwenyewe atalegea.

Mwandamo

@Kijiti_Kavu hapana mkuu, nauliza nyimbo za kusikiliza mimi, peke yangu, kabla hatujaonana. Akishafika simu inaingia mfukoni.

Kijiti_Kavu

Aah. Basi mimi siwezi kukusaidia, mimi huwa siogopi 😂 Naweka kambi kusoma.

Mapigo60

Jibu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Moyo unafuata mdundo. Ukisikiliza wimbo wenye mapigo 60 kwa dakika, moyo nao unashuka hadi 60. Kuna muziki uliotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo, unaitwa "Weightless", wa kundi la Marconi Union, ulitoka 2011. Unaanza kwenye 60 hivi na unashuka taratibu hadi kama 50, hauna maneno, una urefu wa dakika 8 hivi. Weka huo ukiwa njiani, utafika umepoa. Hakuna haja ya nyimbo zaidi ya hapo.

Mwl_Kiitikio

@Mapigo60 nusu uko sawa. Nafundisha kwaya, na watu wangu wanaogopa jukwaa kuliko huyu ndugu anavyoogopa deti, kwa hiyo suala hili naishi nalo.

Muziki wa taratibu unatuliza, hilo halina ubishi. Lakini moyo haufungwi kwenye mdundo kwa namna hiyo. Kinachofuata mdundo kwa urahisi ni pumzi na hatua za miguu, halafu pumzi ndiyo inayouvuta moyo. Ukivuta pumzi ndani mapigo yanaongezeka kidogo, ukitoa yanapungua. Kwa hiyo mtu anayetoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta anaupa moyo nafasi ya kupungua kila mara. Mtu mwenye woga anafanya kinyume, anavuta vipande vifupi vya juu juu kifuani na hamalizi kutoa.

Jambo la pili ni pa kuanzia. Moyo wako uko kwenye 100, kichwa kinapiga kelele, halafu unajiwekea muziki wa 60. Wengi wanaona muziki huo unawachosha au unawakera, wanauruka. Watu wa tiba ya muziki wana kanuni ya tangu miaka ya 1940, ya daktari Ira Altshuler: anza na muziki unaolingana na hali aliyonayo mtu sasa, kisha msogeze kidogo kidogo kuelekea unakotaka afike. Ndiyo maana mimi sishauri wimbo mmoja. Nashauri nyimbo tatu zinazoshuka.

Mapigo60

Mwalimu nakubali hilo la pumzi. Ila "Weightless" mimi inanilaza kabisa, siwezi kuikana.

Mwl_Kiitikio

Inakulaza ukiwa wapi? Kitandani ni sawa. Huyu anakwenda kuongea na mtu, akisinzia naye itakuwa kesi nyingine.

Tunu_wa_Pwani

Naomba niseme kwa upande wa yule anayesubiri pale mezani. Niliwahi kukutana na kaka mmoja aliyefika na spika moja bado iko sikioni. Akaitoa huku tayari anaongea. Kila swali nililouliza alilijibu na hadithi ya ushindi wake, sauti iko juu, goti linarukaruka chini ya meza. Mimi nilidhani ana dharau. Baadaye sana, tulipokuja kuzoeana, akaniambia siku ile alikuwa anatetemeka na alikuwa amejipiga ngoma za vita tangu ametoka nyumbani.

Kwa hiyo kaka Mwandamo, woga ukifunikwa na kelele hauonekani kama woga. Unaonekana kama majivuno. Binafsi mtu akiniambia "nina wasiwasi kidogo leo" namwona anajiamini kuliko yule.

Mwandamo

@Tunu_wa_Pwani asante dada, hapo umenigusa penyewe. Goti kurukaruka ni mimi kabisa.

Besi_ya_Chini

Naongezea kwa upande wa sauti, maana kazi yangu ni kuchanganya muziki. Hilo la rafiki yako si la kufikirika. Mwaka 2014 kulitoka utafiti wa Dennis Hsu na wenzake kuhusu muziki na hisia ya kuwa na nguvu. Walichukua muziki, wakacheza na kiwango cha besi, na waliosikia besi nzito walijiona wana nguvu zaidi. Waliopigiwa muziki wa aina hiyo pia walipenda zaidi kuwa wa kwanza kusema kwenye mdahalo.

Sasa kwenye mdahalo hiyo ni faida. Kwenye deti, kutaka kuwa wa kwanza kusema ndiko huko kumpokea dada yako maneno. Wimbo ulifanya kazi yake vizuri, ila si kazi uliyokuwa unaihitaji.

Kitu cha kufanya leo leo: kama nyimbo unazozipenda ni hizo hizo, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya simu yako, punguza besi, kisha punguza sauti mpaka uweze kusikia nyayo zako mwenyewe. Utashangaa wimbo ule ule ulivyobadilika tabia.

Mstari_wa_Pili

Mnasahau maneno. Mdundo sawa, besi sawa, lakini mtu anaimba nini? Mimi nagawa nyimbo za kujiamini mara mbili. Kuna zinazojilinganisha, "nawazidi wote, wananionea wivu, hawanifikii". Hizo zinahitaji adui, na ukifika kwenye deti aliye mbele yako ni mmoja tu, ndiye anayegeuka wa kushindana naye. Halafu kuna zinazosema "nimetoka mbali, nipo, kesho nayo ipo". Hazimtaji mtu mwingine. Hizo ndizo za kukupeleka.

Na kuna mtego wa tatu: nyimbo za mapenzi zenyewe. "Bila wewe siishi", "usiniache nitakufa". Mtu hujaonana naye hata mara moja, tayari kichwani umeshaachwa. Za kuachwa ndiyo kabisa, zinafukua ya zamani.

Besi_ya_Chini

Mimi na maneno bado sikubaliani sana. Wengi wetu tunapenda nyimbo za lugha tusizozijua na zinatutuliza vilevile.

Mstari_wa_Pili

Zinatutuliza kwa sababu hatujui anasema nini. Huo ni ushahidi wangu, si wako 😄

Sebene_Halilali

Wakuu kwa nini hakuna aliyetaja rumba? Rumba ya Kongo imeshapangwa kutuliza, sauti tamu, gitaa linazunguka taratibu, waimbaji wanapokezana. Mimi kabla ya jambo lolote zito naweka rumba moja ndefu ya zamani basi.

Mwl_Kiitikio

Umenipa mfano mzuri, lakini angalia jina lako mwenyewe. Rumba nyingi za aina hiyo zina vyumba viwili. Mwanzo ni wa kuimba, wa taratibu. Ukifika katikati waimbaji wanapungua, magitaa yanashika usukani, kasi inapanda, hiyo ndiyo sebene. Ukiiacha rumba iende mpaka mwisho, dakika za kwanza zimekushusha na za mwisho zimekurudisha ulikotoka, tena miguu inacheza. Mtu anayekwenda kutulia aitumie sehemu ya kuimba tu, akate kabla gitaa halijabadilika. Au aigeuze: aanze na sebene nyumbani wakati anavaa, aje kwenye sehemu ya kuimba njiani.

Sebene_Halilali

Kukata rumba kabla ya sebene ni dhambi mwalimu, ila nimekuelewa.

Mwandamo

Mwalimu, naomba unipangie kabisa basi. Miadi ni saa kumi na mbili jioni. Nitakuwa na dakika 25 hivi za njiani, nusu nimekaa, nusu natembea. Nimejipima sasa hivi nimekaa tu, mapigo yangu ni 74. Juzi nilipokuwa nafikiria Jumamosi yalikuwa 98.

Mwl_Kiitikio

Vizuri, umenirahisishia.

Kwanza jua kasi ya nyimbo zako. Gonga kidole kwenye pigo ambalo mwili wako unataka kutikisikia, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Usiamini sana namba zinazoonyeshwa na programu za simu, mara nyingi zinahesabu mara mbili. Wimbo unaousikia kama 70 unaweza kuandikiwa 140, ukautupa bure. Na kinyume chake pia.

Wimbo wa kwanza uwe wa 95 hadi 100, karibu na pale moyo wako unapokuwa ukiwa na woga. Uwe wa furaha, unaoujua tangu zamani, si mpya, kwa sababu wimbo mpya unakufanya usikilize kwa kukisia kinachofuata. Wa pili uwe wa 80 na kitu. Hapo rumba ya Sebene_Halilali inaingia, sehemu ya kuimba. Wa tatu uwe karibu na 72, wenye mistari mirefu ambayo mwimbaji anaivuta.

Kwa nini 72? Kwa sababu ya hesabu ya pumzi. Vuta pumzi kwa mapigo 4, itoe kwa mapigo 8 ukiwa unaghuna mdomo umefungwa, "mmmm", sauti ya chini ambayo hata jirani haisikii. Mapigo 12 kwenye wimbo wa 72 ni sekunde 10, kwa hiyo unapumua mara 6 kwa dakika. Kasi hiyo ya pumzi ndiyo wengi wanatulia nayo vizuri. Kuna wimbo wa Bill Withers wa 1977, "Lovely Day", una noti moja aliyoishikilia kwa sekunde 18. Wimbo wenyewe una kasi zaidi ya hiyo 72, hivyo ni wa nafasi ya kwanza, na usijaribu kushindana naye kwenye ile noti. Ninautaja kwa sababu ukiusikia unaelewa mara moja pumzi ndefu isiyo na haraka inasikikaje.

Kosa la kwaya yangu kila mwaka ni hili: wanavuta pumzi kubwa mno. Kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinachonyota. Ukiona hivyo, acha kughuna, pumua kawaida, na ukirudi vuta kidogo tu. Urefu uko kwenye kutoa.

Mwandamo

Nimeelewa. Ile nusu ya kutembea je?

Besi_ya_Chini

Hapo naomba nidakie. Miguu inafuata mdundo bila kukuuliza. Mtu anayetembea kwa haraka ya kawaida anapiga hatua 100 mpaka 120 kwa dakika. Ukiweka wimbo wa 125 utafika mapema, unahema, shati limelowa mgongoni, halafu ukikaa unadhani ule ni woga kumbe ni mwendo. Kwa hiyo wimbo wa 95 hadi 100 utembee nao, kama ratiba inaruhusu, na ule wa kughuna uupige ukiwa umekaa au umesimama.

Jambo jingine dogo lakini linaharibu watu: pakua nyimbo zote tatu kabla, zima kuchanganya nyimbo, zima na ile ya simu kujiendeleza yenyewe. Kama unatumia huduma ya bure, kabla ya wimbo wako wa 72 linaweza kuingia tangazo la mtu anayepiga kelele.

Mwl_Kiitikio

Besi_ya_Chini yuko sahihi. Basi geuza safari: kama unakaa kwanza na kutembea mwishoni, shuka mapema kidogo, maliza kutembea, simama mahali, ndipo upige wa tatu.

Na muziki uzimwe kabla. Mwaka 2006 Luciano Bernardi na wenzake walipima pumzi, mapigo na presha ya damu kwa watu wanaosikiliza muziki wa aina mbalimbali. Muziki wa kasi ulivipandisha. Lakini walikuwa wameweka ukimya wa dakika 2 katikati, na kwenye ukimya huo vipimo vilishuka hata chini ya vilipokuwa kabla muziki haujaanza. Kwa hiyo nakupa dakika 3 za mwisho bila kitu masikioni. Sikiliza watu wanaongea, macho yazoee mahali.

Ndege_Mnana

Samahani wakuu, mimi kila nikitumia nyimbo zinanizidishia. Nilikuwa na usaili wa kazi, nikasikiliza nyimbo za kutulia njia nzima, nilipozima tu woga ukarudi mara mbili. Nahisi muziki unaficha, hauondoi.

Tunu_wa_Pwani

@Ndege_Mnana pole. Labda ulizima mlangoni? Mimi nikizima mlangoni kabisa nashtuka, kama mwalimu anavyosema inahitaji dakika kadhaa.

Ndege_Mnana

Nilizima mapema tu, nimekaa kwenye kiti cha kusubiri.

Mwl_Kiitikio

Wapo watu wa hivyo, na sitakulazimisha. Kwa baadhi, kujaribu kutulia ndiko kunakowakumbusha kwamba wanaogopa. Kwao kuna njia nyingine: usishushe, badilisha jina. Alison Wood Brooks alichapisha utafiti mwaka 2014 ambapo watu waliambiwa waimbe karaoke mbele ya mtu. Waliojiambia kwa sauti "nina shauku" waliimba vizuri kuliko waliojiambia "nina wasiwasi". Moyo kwenda mbio unafanana katika hali zote mbili, kwa hiyo ni rahisi kuuhamishia kwenye shauku kuliko kuuzima. Mtu kama wewe angebaki na wimbo wa kwanza tu, wa furaha, aachane na kushuka.

Mstari_wa_Pili

Hapo mwalimu umejipinga kidogo. Kama shauku inafanya kazi, kwa nini tumshushe Mwandamo?

Mwl_Kiitikio

Kwa sababu shida ya Mwandamo si kuganda, ni kuongea juu ya mwenzake. Mtu anayeganda mpandishe kidogo. Anayebubujika mshushe. Na kama ndani ya mtu mmoja vipo vyote viwili, kusema kweli huwa najaribu tu kwenye mazoezi na kuangalia.

Besi_ya_Chini

Kipimo rahisi: jirekodi ujumbe wa sauti ukijibu "habari za siku nyingi, niambie kukuhusu". Mara moja kabla ya nyimbo, mara moja baada. Sikiliza unapoweka nukta. Kama baada ya nyimbo nukta zimepotea na sentensi zinaanza na "mimi", orodha yako imekupandisha, ibadilishe. Kama sauti imeshuka na kuna nafasi kati ya sentensi, iache ilivyo.

Mwandamo

Wakuu nimerudi. Nilijirekodi Ijumaa na orodha ya rafiki yangu na ya mwalimu. Ya rafiki yangu: "mimi" karibu kila sentensi, kweli tupu. Ya mwalimu nilikuwa nasikika kama mimi wa kawaida.

Jumamosi wimbo wa kwanza ulikaa vizuri na mwendo. Rumba nilichelewa kuikata, sebene ikaanza, nikajikuta natabasamu peke yangu barabarani, sijui kama hiyo ni hasara. Wa tatu nilighuna nimesimama pembeni, kuna mzee akaniangalia. Nilipozima mapigo yalikuwa 81. Alipotokea yakapanda tena, nisiwadanganye, na viganja vililowa vilevile. Ila nilimwambia "nina wasiwasi kidogo leo", akacheka, akasema hata yeye. Kuna mahali alinyamaza katikati ya maneno na nilinyamaza naye, akamalizia. Tumekubaliana kuonana tena.

Tunu_wa_Pwani

Hongera. Yeye alikuwa anasikiliza nini njiani, ulimuuliza?

Mwandamo

Nilimuuliza. Zile zile za besi nzito. Na hakuongea juu yangu hata mara moja.

Besi_ya_Chini

😂 Haya mwalimu, jibu hilo.

Mwl_Kiitikio

Labda yeye huwa anaganda. Mwandamo, deti ya pili muulize alipokuwa anafika alizima saa ngapi na sauti ilikuwa kiasi gani, ndipo nitajua niseme nini.